Huduma ya picha za risiti iliyokata pale pale panapohitajika: uzoefu wangu

Nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa sababu mfumo hauniruhusu kuweka sifuri.

Nina karakana ya samani Morogoro. Natengeneza madawati, makabati na meza za ofisi, na nimesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo risiti kwangu si karatasi ya kufutia mikono. Ni pesa. Mwaka juzi nikaingia kwenye hii huduma ya kwenye simu: unapiga picha risiti, inasoma jumla, inapanga matumizi kwa mwezi, unalipia kila mwezi. Kijana aliyekuja kuniunganisha alikaa pale kwenye meza ya randa, akaniambia kwa kinywa chake, "Mama, ukishapiga picha, karatasi tupa. Siku hizi picha inatosha."

Nikatupa. Kila jioni kijana wangu wa manunuzi akirudi na plaivudi na vanishi, anapiga picha, risiti inaingia kwenye moto wa vumbi la mbao. Zaidi ya mwaka tumefanya hivyo.

Kisha afisa wa kodi akaja kukagua. Mtu mzima, mpole, hakupandisha sauti hata mara moja. Akachagua manunuzi 14 kutoka kwenye vitabu vyangu, jumla shilingi 4,720,000, akaomba risiti zake. Nikamfungulia simu nikiwa na amani kabisa. Akaangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaniuliza, "Dada yangu, chini iko wapi?"

Sikumwelewa. Akatoa risiti ya mashine ya EFD mfukoni mwake, ya chakula cha mchana, akaniwekea juu ya meza. Juu imeandikwa `START OF LEGAL RECEIPT`, mwisho kabisa `END OF LEGAL RECEIPT`. Kati yake kuna jina la muuzaji, namba yake ya mlipakodi, tarehe, saa, bidhaa na jumla. Halafu chini ya jumla, karibu na mwisho, kuna `RECEIPT VERIFICATION CODE`, na kile kimraba cha madoadoa cha kuskani. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu: "Mimi nahakiki kwa hii."

Zile picha zangu zote 14 zilikuwa zimekatwa baada ya mstari wa jumla. Programu inatafuta risiti ndani ya picha, inapunguza kingo zenyewe, na ikishaona jumla inaona kazi imekwisha. Sehemu ya chini inatupwa. Na haikuwa na picha kamili iliyofichwa mahali pengine. Ile iliyokatwa ndiyo iliyohifadhiwa. Nimelipa mwaka mzima kuhifadhiwa vichwa vya risiti bila miguu.

Nikapiga simu kwao palepale, afisa akiwa bado ameketi. Hii sehemu ndiyo inayoniunguza mpaka leo. Msichana wa huduma kwa wateja akanisikiliza, akaniambia: "Mama, kabla ya kuhifadhi huwa inakuonyesha picha, wewe ndiye uliyebonyeza kukubali." Nikamwambia kwamba mtu wenu ndiye aliyeniambia nitupe karatasi. Akasema, "Hilo silijui, mimi sikuwepo." Kisha akaniuliza kama nina swali lingine. Swali lingine! Nina mtu wa kodi mbele yangu na milioni nne na ushee hazina ushahidi, ananiuliza kama nina swali lingine. Hakusema pole. Neno moja tu, pole, halina gharama.

Nieleze hasara ilivyokuwa, maana wengine mtasema nakuza mambo. Katika 4,720,000 ile, ongezeko la thamani la asilimia 18 ni 720,000, na hiyo nilikuwa nimeshaidai kwenye ritani zangu. Bila risiti inayohakikika, dai linafutwa, narudisha. Zinabaki 4,000,000 ambazo nilizitoa kama gharama za biashara. Zikikataliwa nazo, zinahesabiwa kuwa faida, na kampuni inakatwa asilimia 30, yaani 1,200,000. Jumla 1,920,000, kabla ya riba. Kwa mbao ambazo nilizinunua kweli na kuzilipia kweli.

Sasa, tatizo halikuwa kwamba ni picha, na hapa ndipo watu wengi wanapopotoka kama nilivyopotoka mimi. Nilimuuliza yule afisa waziwazi: picha inakubalika au haikubaliki? Akasema picha nzima, isiyoguswa, inayosomeka kuanzia mwanzo hadi mwisho, anaifanyia kazi, kwa sababu haamini picha wala karatasi, anaamini kinachotoka kwenye mfumo. Unaingia `verify.tra.go.tz`, unaandika namba ya uhakiki, unaweka saa iliyochapwa kwenye risiti, na risiti yenyewe inajitokeza kama muuzaji alivyoitoa. Ukiwa na hivyo viwili, namba na saa, risiti ipo. Mimi nilikuwa na saa zote 14. Namba hata moja sikuwa nayo.

Baadaye nilikwenda kwa mhasibu mmoja mzee hapa mjini, nikalipa ushauri ambao ningeulipia mapema nisingelia. Akanifungulia sheria mbili. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka mitano, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali kumbukumbu kutunzwa kielektroniki, ila kwa masharti: iweze kufikiwa na kusomwa baadaye, na iwakilishe kwa usahihi kile kilichokuwepo mwanzo. Akaniambia, "Picha iliyokatwa haiwakilishi risiti, inawakilisha kipande chake." Hapo ndipo nilipojua kwamba yule kijana aliyesema picha inatosha alikuwa amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Na hiyo miaka mitano nayo nilikuwa naihesabu vibaya. Nilidhani inaanza siku ya risiti. Haianzi hapo, inaanza mwisho wa mwaka wa mapato ambao risiti inauhusu. Risiti ya Machi 2021, kwa anayefunga hesabu Desemba kama mimi, inahesabiwa kuanzia mwisho wa 2021, kwa hiyo unakaa nayo hadi mwisho wa 2026. Ukiitupa Machi 2026 umeitupa mapema. Kama kuna pingamizi au rufaa inayoendelea, hutupi kitu mpaka shauri liishe. Na risiti za mashine ni habari nyingine: mashine yangu ya kuranda naipunguzia thamani mwaka hadi mwaka, kwa hiyo risiti yake inahusu miaka yote hiyo, na mitano inahesabiwa baada ya ule wa mwisho. Hiyo nimeambiwa niitunze kama hati ya kiwanja.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa nimeapa: karatasi tu, picha basi. Nikaenda kwenye faili langu la zamani, la kabla ya hii huduma, nijifariji kwa kuona risiti zikiwa zimetulia. Nilikuwa nimezipanga vizuri kwenye mifuko ya plastiki, kwenye rafu iliyo upande wa jua la mchana. Nikavuta ya kwanza: nyeupe. Ya pili: kivuli cha jina la duka, basi. Nikazigeuzageuza dirishani, nyingine ukiinamisha kwenye mwanga unaona mikwaruzo kama nyayo za kuku. Karatasi ya zile mashine haina wino. Maandishi yanatokea kwa joto la kichapishio juu ya kemikali iliyopakwa kwenye karatasi. Joto, mwanga, mafuta ya mikono, gundi ya selotepu, na hasa ile plastiki laini ya mifuko vinaifuta. Mimi mwenyewe nilizifunga ndani ya kitu kinachozifuta, nikaziweka juani.

Kwa hiyo yule anayekwambia tunza karatasi asilia miaka mitano na basi, naye hajakusaidia. Asilia itakuwepo, maandishi hayatakuwepo. Picha ndiyo inayobaki ikisomeka. Nimeandika hayo kwa uchungu kwa sababu yananilazimu kuongeza nyota. Haya, mbili. Wazo lao ni sahihi. Walichokifanya na wazo hilo ndicho kibovu.

Kilichoniokoa ni simu ya kijana wangu wa manunuzi. Siku nyingine mtandao ukiwa mbaya alikuwa anapiga picha kwa kamera ya kawaida, kisha anaipandisha kwenye programu akifika karakana. Picha kamili zilikuwa bado kwenye galari yake, katikati ya picha za harusi ya dada yake. Tulikaa sakafuni hadi saa tano usiku tukilinganisha tarehe na saa. Tukapata 9, zina thamani ya 3,540,000. Moja namba ilikuwa imefifia kwa kutikisika mkono, tukakuza, tukabishana kama ni B au 8, tukajaribu zote mbili. Ya pili ikafungua. Alipoona ile risiti imejitokeza kwenye skrini, muuzaji yuleyule, plaivudi zilezile, yule kijana alipiga kofi sakafuni. Afisa alizikubali zote tisa.

Zimebaki tano, 1,180,000. Hapo 180,000 nairudisha serikalini, na 300,000 ya kodi ya mapato juu yake. Laki nne na themanini, na riba.

Sasa hivi tunafanya hivi. Risiti inapigwa picha siku ileile, imelazwa kwenye ubao mweusi, mwanzo na mwisho vyote vinaonekana. Ikiwa ndefu, picha mbili zinazopishana, zote mbili na saa au namba ya risiti ikionekana. Namba ya uhakiki inaandikwa kwa mkono kwenye daftari, pamoja na saa, kwa wino. Ya milioni na kuendelea tunaihakiki palepale kabla ya kutoka dukani. Picha hazipiti watsapu kama picha, maana zinabanwa na tarakimu ndogo zinavimba. Zinatumwa kama faili. Nakala moja iko kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski iliyo nyumbani. Karatasi zinaingia kwenye bahasha za kaki, kwa mwezi, ndani ya sanduku lililo mbali na jua, na hazitupwi hata kama zimefifia.

Nilikuwa nimeamua kuziacha nyota mbili. Jana nikawaandikia tena kuomba angalau miezi yangu ya malipo irudishwe kwa ajili ya zile tano. Jibu limekuja leo asubuhi: "Mpendwa mteja, tafadhali hakikisha unakagua picha kabla ya kuhifadhi."

Moja.