Kabla hujalipia apu ya kamera kwa ajili ya picha za usiku

Namba moja haiuzwi. Fungua kamera iliyokuja na simu yako, utafute modi ya Pro. Samsung nyingi wanayo, na simu za bei ndogo pia siku hizi. Ikiwa inakuruhusu kupanga ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, na kasi ya shata, yaani muda mwanga unaoachiwa kuingia, baki nayo, kwa sababu apu za nje mara nyingine hazizifikii lenzi zote za simu.

Namba mbili ni Open Camera ya Android, nayo ni bure. Ukishaiweka, ingia Settings, kisha Camera API, uchague Camera2 API. Rudi kwenye kamera, gusa alama ya +/−, itoe ISO kwenye Auto uiweke M, uone kama ISO na muda wa shata vinapangika. Chaguo la Camera2 likikosekana, au vitelezi visitokee, ujue mtengenezaji wa simu hakufungua mlango huo, na apu ya kulipia nayo itagonga ukuta uleule. Mimi niliruka kipimo hiki, nikalipia apu moja yenye vitelezi vizuri kwelikweli. Kitelezi cha shata kilikuwa kimekufa.

Namba tatu, kwa simu iliyofaulu kipimo hicho, ni ProShot. Ni ya kulipia, lakini vitufe vyake vinafikika kwa kidole gumba. Wenye iPhone wao kamera ya Apple haiwapi shata ya kupanga kwa mkono, kwa hiyo ProShot au Halide kwao ndiyo ya kwanza.

Sasa tuone vitelezi hivyo vinafanya nini. Sebuleni, chini ya balbu moja, kamera imejichagulia ISO 800 na shata 1/15 ya sekunde. Mtoto anakula, mkono unatoka kama moshi. Peleka shata 1/50, na ili mwanga ubaki uleule ISO ipande hadi karibu 2700. Chenga zitaonekana ukutani, lakini uso utakuwa mkali, na chenga ni afadhali kuliko uso uliotikisika. Nisingekwenda 1/100, maana ISO ingepita 5000 na simu nyingi hapo huanza kupaka ngozi kama plasta.

Picha ya sahani ya pilau isiyokwenda popote ni habari nyingine: egemeza simu kwenye glasi, weka ISO 100 na shata nusu sekunde, washa kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Ukiona mistari myeusi imekatiza picha chini ya taa za LED, hiyo si apu mbovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 au 1/100 huifuta mistari hiyo, lakini 1/60 inaweza kuiacha.