Kufuli safi, karatasi ya hovyo: seti ya kufungia umeme wa konveya

Nianze na zuri, nisije nikasahau kwa hasira. Kufuli ni imara, kila moja ina ufunguo mmoja tu, na kadi za kuning'iniza hazifutiki kwa grisi. Kwa hizo ningetoa nyota nne.

Shida ni ile karatasi ya hatua wanayokuuzia pamoja nazo. Juzijuzi tulikuwa tunabadilisha giaboksi ya konveya ya mahindi, ile inayopanda kwenda juu ya silo. Tukafuata karatasi neno kwa neno: zima, funga, ning'iniza kadi, pima umeme, anza kazi. Umeme ulikuwa umekufa kabisa. Kijana wangu akalegeza bolti za kapling, mkanda uliojaa mahindi ukarudi nyuma kwa kasi, kapling ikazunguka. Aliutoa mkono kwa bahati tu. Kizuizi cha mkanda kurudi nyuma kiko ndani ya giaboksi, sasa ukiitenganisha, nini kinashika mzigo? Hakuna! Karatasi nzima haisemi habari ya uzito hata mara moja.

Nikampigia muuzaji. Akanijibu: "Fundi, hayo ni mambo ya mekanika, sisi tunauza usalama wa umeme." Nilikata simu.

Sasa tunatumia hii niliyoandika kwa kalamu, imebandikwa kwenye paneli:

1. Waambie waendeshaji. Acha mkanda umwage mzigo wote, ndipo uzime.
2. Zima swichi kuu ya konveya hiyo. Kitufe cha dharura hakihesabiki, kinakata umeme wa kontrol tu.
3. Kila fundi aweke kufuli lake na kadi yenye jina lake. Ufunguo ukae mfukoni mwake.
4. Mkanda ukikwama na mzigo, ufunge kwa klampu kwenye fremu, upande wa juu na wa chini. Uzito wa kukazia mkanda nao uzuiwe au ushushwe chini.
5. Bonyeza kitufe cha kuwashia. Kisipoitika, kirudishe kwenye kuzima.
6. Jaribu kipimio penye umeme, pima nyaya tatu zenyewe kwa zenyewe na kwa ardhi, kisha kijaribu tena pale pale penye umeme. Kipimio kibovu nacho husoma sifuri.
7. Sasa gusa bolti. Ukimaliza, kila mtu atoe kufuli lake mwenyewe.

Nilitaka kutoa nyota tatu, maana kufuli kweli hazina lawama. Lakini kila nikikumbuka ule mkono, natoa moja. Hata hivyo, nimeagiza kufuli nyingine kumi, kwa muuzaji yule yule, maana mjini sijaona zinazozifikia. Karatasi nimemwambia abaki nayo.