Tuisheni ya programu Moshi: kipindi kilichonionyesha kwa nini mti wangu uligeuka kamba

Nimemaliza vipindi vinne vya tuisheni ya programu hapa Moshi, ghorofani karibu na Soko la Mbuyuni, shilingi 15,000 kwa kipindi cha saa mbili. Nitaeleza hasa kipindi cha tatu, maana hicho peke yake kilirudisha hela yangu.

Nilikwenda na tatizo. Chama chetu cha wakulima wa kahawa kina wanachama 1,200, na nilikuwa naingiza namba zao kwenye mti wa utafutaji niliouandika kwa Python. Namba ndogo inashuka kushoto, kubwa inashuka kulia, mpaka ipate tawi tupu. Kabla haijamaliza, programu ikafa:

```
RecursionError: maximum recursion depth exceeded
```

Mwalimu hakugusa hata kompyuta yangu. Aliuliza tu, "Namba umezitoa wapi?" Kwenye daftari la chama, nikamjibu, kuanzia 1 mpaka 1200. Hapo akatabasamu. Kila namba ilikuwa kubwa kuliko zote zilizoitangulia, kwa hiyo kila moja ilikwenda kulia, na mti ukawa kamba. Python kwa kawaida huacha funksheni ijiite ndani kwa ndani mara 1,000 hivi, kisha inakata.

"Zichanganye," akasema. Nilibisha. Kuchanganya tu, bila kusawazisha chochote, kunasaidiaje?

Akakata vipande saba vya boksi, akaandika namba na kuvipanga mezani: 40, 70, 20, 50, 10, 60, 30. Tukajenga mti, na kwa kila namba nikahesabu imelinganishwa mara ngapi kabla ya kukaa. 40 ni mzizi, haikulinganishwa na yeyote. 70 na 20, mara moja kila moja. 50, 10 na 30, mara mbili mbili. 60, mara tatu. Jumla 11.

Kisha akavirudisha vipande kama vilivyokuwa, tukavipanga kwa kwiksoti, ule upangaji wa haraka wa Tony Hoare, kwa kuchukua kipande cha kwanza kuwa kigawanyio. 40 ililinganishwa na wenzake sita: kushoto wakabaki 20, 10, 30, kulia 70, 50, 60. 20 ikagawanya upande wake kwa milinganisho miwili, 70 vilevile miwili, na 50 ikalinganishwa na 60. Sita, mbili, mbili, moja: 11 tena. Na si jumla tu, ni jozi zilezile. Kigawanyio cha kwanza ndicho mzizi, vinavyofuata ndivyo matawi. Tofauti ni wakati tu: kwiksoti inalinganisha 40 na wote kwa mkupuo, mti unasubiri kila mmoja afike.

Baada ya hapo swali la kina, yaani namba inalinganishwa mara ngapi kabla ya kukaa kwenye mti, likawa swali la kwiksoti: namba mbili hukutana na kulinganishwa lini? 10 na 70 hazikukutana, kwa sababu 40 iliwahi kufika ikazitenganisha. Ili 70 iwe juu ya 10 kwenye mti, lazima iwe ya kwanza kufika kati ya namba zote saba kuanzia 10 mpaka 70. Kama mpangilio ni wa bahati nasibu, uwezekano huo ni 1/7. Jirani wa karibu kabisa ana 1/2 ya kuwa juu yako, anayefuata 1/3, kisha 1/4. Kina chako ni jumla ya sehemu hizo pande zote mbili, na jumla ya namna hiyo hukua polepole kama logariti. Wa mbali ni wengi, lakini karibu wote wametenganishwa nawe mapema.

Kwa wanachama 1,200 wastani wa kina unatoka 11.35. Mti uliosawazishwa kikamilifu ungetoa 8.3, na kamba yangu 599.5. Wanachama wakiongezeka maradufu, wastani unapanda kwa takriban 1.4 tu. Nilirudi nyumbani nikaongeza mstari mmoja:

```python
random.shuffle(namba)
```

Nikapima nikapata 11.6, nikachanganya upya nikapata 11.1.

Lawama yangu ni moja. Wanachama wapya wanapewa 1201, 1202, 1203 kwa mfululizo, na hao siwezi kuwachanganya kabla hawajajiunga, kwa hiyo upande wa kulia wa mti unaanza tena kuota kamba. Mwalimu alilitaja jambo hilo mwenyewe, akasema dawa ni mti unaojisawazisha, au kumpa kila mwanachama namba ya pili ya bahati nasibu na kuupanga mti kana kwamba walifika kwa mfuatano wa namba hizo. Lakini kipindi cha nne kililipa suala hilo dakika kumi tu za mwisho. Nimelipia cha tano.