Benki ilinidai risiti ya kodi ambayo Kenya haipo

Hasira haijanitoka, lakini acha niseme. Shangazi yetu alifariki Leeds bila mtoto, akatuachia wosia sisi wanne, watoto wa kaka yake. Nyumba na akiba vilifika pauni 410,000. Serikali ya Uingereza hutoza asilimia 40 kwa kinachozidi pauni 325,000, kwa hiyo pauni 34,000 zililipwa kule kule na msimamizi wa mirathi kabla hatujagawiwa chochote. Baada ya gharama za wakili, fungu langu likawa kama pauni 90,000.

Zikatumwa kwenye akaunti yangu ya pauni hapa Mombasa, zikazuiliwa. Hilo sikulilalamikia. Hela nyingi za ghafla lazima benki iulize zimetoka wapi, ni sheria ya utakatishaji fedha. Nilikuwa na nakala ya wosia, hati ya mahakama ya kuuthibitisha, barua ya wakili yenye hesabu yote ya mirathi, kitambulisho na PIN ya KRA.

Ofisa wa tawi hata hakuzifungua. "Mama, lete risiti ya KRA ya kodi ya urithi." Ipi? Kenya ilifuta kodi hiyo mwaka 1982! Urithi wenyewe hautozwi. Kinachotozwa ni faida utakayopata ukishaziweka, mathalani asilimia 15 inayokatwa kwenye riba. Nilimweleza kwa adabu. Akanijibu, mbele ya foleni nzima, "Wewe ndiye utatufundisha kazi?" Mtu mzima mimi, na msiba bado mbichi!

Kisha akashusha sauti: nikikubali kubadilisha zote ziwe shilingi siku hiyo hiyo, huenda mambo yakaharakishwa. Bei yake ilikuwa pungufu kwa shilingi tatu hivi kwa kila pauni kuliko niliyopewa benki ya jirani. Zidisha kwa 90,000: shilingi 270,000 za shangazi aliyekesha wodini miaka na miaka. Nikakataa. Wewe pia ukibanwa hivyo, kataa. Hakuna sheria inayokulazimisha kuuza pauni zako ili uzipate.

Nilikuwa nimeshaapa kuifunga akaunti. Ila malalamiko niliyoyaandika yalifika makao makuu, na binti mmoja wa kitengo cha ukaguzi akanipigia. Alisoma kila ukurasa, akauliza kitu kimoja tu: cheti cha kuzaliwa cha baba, kuonyesha kwamba marehemu alikuwa dada yake. Nikamtumia, hela zikafunguliwa, na akaniomba radhi kwa niaba ya wenzake. Huyo dada Mungu ambariki.

Kwa hiyo niseme benki ni mbaya? Tawi lile, ndiyo, sikanyagi tena. Makao makuu wanajua kazi yao. Nimebaki nao kwa sasa, ila si kwa fungu lote, maana benki ikianguka bima ya amana hulipa mwisho shilingi 500,000 kwa mteja. Nusu nimeshahamishia kwa yule jirani, na ofisa yule akiendelea kukaa pale kaunta, iliyobaki nayo itafuata.