Stretchly: programu ya kukuinua kitini bila kukuaibisha kikaoni

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nachambua programu ya bure inaitwa Stretchly. Inawekwa kwenye kompyuta, iwe ni Windows, Mac au Linux, na kazi yake ni kukukumbusha uache kuandika, unyooke, unywe maji, kisha urudi kazini. Wengi mmeniomba niitazame kwa jicho la mtu mwenye vikao vingi, maana mwenye vikao ndiye anayezima kengele za aina hii kabla wiki haijaisha.

Ukishaiweka, kwenye Windows kialama chake kinakaa kule chini kulia karibu na saa. Ukiiacha kama ilivyokuja, kila dakika 10 inakupa mapumziko mafupi ya sekunde 20, na kila nusu saa mapumziko marefu ya dakika 5. Kabla ya kufunika skrini inakupigia hodi kidogo: sekunde 10 kwa yale mafupi, 30 kwa yale marefu. Unaweza kuahirisha, na ukiwa mkaidi kwako mwenyewe unaweza kuiambia isikuruhusu kuahirisha kabisa. Mimi yale mafupi nimeyasogeza yawe kila dakika 15, kwa sababu kila dakika 10 ni usumbufu. Sekunde 20 zinatosha kutazama kitu kilicho mita 6 hivi, nje ya dirisha kwa mfano, macho yakalegea.

Yale marefu programu inayahesabu kwa idadi ya mafupi, kwa hiyo nimeiambia yaje baada ya fupi moja ili yabaki kila nusu saa, na nina sababu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walitoa utafiti wa watu wachache tu, 11. Walipotembea dakika 5 kila baada ya nusu saa ya kukaa, sukari ya damu baada ya chakula na shinikizo la damu vilishuka. Dakika 1 kila saa haikugusa sukari. Kundi ni dogo, sitaki mtu alichukue kama sheria, lakini limenitosha kuacha ile 30 ilipo.

Sasa tuje kwenye vikao, maana hapo ndipo penye utamu na penye shida.

Stretchly haisomi kalenda yako. Haijui kwamba saa tano una kikao na bosi. Ukiiacha kama ilivyokuja, inachotazama hasa ni mambo mawili: kama umewasha hali ya usisumbuliwe, ile iliyoandikwa Do Not Disturb, na kama mikono yako inagusa kibodi au kipanya. Ukiwasha Do Not Disturb, inanyamaza. Hilo ni jema, kwa sababu hakuna anayetaka skrini yake ifunikwe na picha ya kujinyoosha huku watu ishirini wanatazama hesabu za mwezi. Kwa hiyo kabla ya kushiriki skrini, washa Do Not Disturb. Hiyo iwe hatua ya kwanza.

Lile la pili ndilo linalowadanganya wengi. Ukikaa dakika 5 bila kugusa chochote, programu inaamini umeondoka kupumzika, na inaanza kuhesabu upya. Ukienda kweli kuchota maji, safi kabisa. Lakini fikiria kikao cha saa nzima ambacho wewe unasikiliza tu. Hugusi kibodi, umeinamia laptopu, shingo imetoka mbele kama kobe, na Stretchly inahesabu kwamba umepumzika vizuri sana! Kikao kinaisha, unarudi kwenye kazi, na inakupa nusu saa nyingine kabla ya kukuambia usimame. Jumla ni saa moja na nusu kitini. Utaligundua ukipeleka kipanya juu ya kialama baada ya kikao: muda uliobaki hadi mapumziko marefu unakuwa mrefu kuliko ulivyotarajia.

Na ule muda wa kujifungia kufanya kazi nzito una tatizo linalofanana. Kwenye Windows 11 ukibonyeza saa chini kulia unaweza kuanzisha kipindi cha Focus, tuseme cha dakika 50, na chenyewe kinawasha Do Not Disturb. Stretchly inanyamaza, vizuri, hukatizwi. Kipindi kikiisha haikudai zile dakika 50 ulizokaa. Inaendelea na ratiba yake kana kwamba hakukuwa na kitu.

Dawa yake haimo ndani ya programu, imo kwenye kalenda. Kwenye Google Calendar, fungua mipangilio, nenda sehemu ya matukio, utaona Speedy meetings. Ukiiwasha, kikao kipya cha nusu saa unachokipanga kinaishia dakika 25, na cha saa nzima kinaishia dakika 50. Kasoro yake: inafanya kazi kwa vikao unavyoviitisha wewe tu. Vya bosi vitabaki na urefu wake, labda umwombe naye aiwashe.

Tuchukue asubuhi moja ya mhasibu mwenye ratiba iliyojaa. Saa tatu ana kikao cha nusu saa. Kwa Speedy meetings kinaisha saa tatu na dakika 25. Dakika 5 zile anasimama, anatembea hadi kwenye mtungi wa maji na kurudi. Saa tatu na nusu anaanzisha Focus ya dakika 50. Kengele ya Focus inapolia saa nne na dakika 20, hasubiri programu: anabonyeza kialama cha Stretchly na kuiambia iruke hadi mapumziko marefu, sasa hivi. Hapo ndipo anapokunywa glasi nzima. Kisha anashughulikia barua pepe hadi saa tano, na programu ikimkumbusha kawaida katikati. Saa tano anaingia kikao cha saa moja.

Kwa nini glasi ile aliinywa saa nne na dakika 20, siyo saa tano kasoro dakika 5? Kwa sababu kikao cha saa moja na kibofu kilichojaa havipatani. Kunywa ukitoka kikaoni, siyo ukiwa mlangoni kuingia. Ukiwa kikaoni, funda mbili tatu zinatosha.

Kuhusu kiasi, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2010 lita 2 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanaume kwa siku, chakula kikihesabiwa humo, na chai pia. Kwa hiyo glasi nne za mililita 250 katika saa za ofisi, nyingine nyumbani, mtu mzima wa kawaida ametosheka. Joto la Dar litaongeza, na mwenye maradhi ya figo au moyo amsikilize daktari wake. Stretchly haina kihesabu cha maji. Unaweza kujiandikia ujumbe wako mwenyewe ndani ya faili ya mipangilio, "Maji, glasi moja", lakini kuhesabu ni juu yako na chupa yako.

Mkao nao haiuoni, haina kamera. Inakupa nafasi tu ya kujikagua: nyayo zimegusa sakafu, mgongo umefika kwenye egemeo, ukingo wa juu wa skrini uko usawa wa macho. Wa laptopu, weka rimu mbili za karatasi chini yake na ununue kibodi ya nje. Bila kibodi ya nje, kuinua laptopu kunahamishia maumivu kwenye mabega.

Nani aichukue? Mwenye kazi ya kuandika muda mrefu na vikao viwili vitatu kwa siku, aichukue leo. Ambaye siku yake nzima ni vikao mfululizo, Stretchly itakaa kimya zaidi ya itakavyosema, na huyo aanze na kalenda kwanza. Na kama kompyuta ni ya ofisi, uliza watu wa kompyuta kabla hujaiweka, maana ofisi nyingi hazitaki programu za kupakua ovyo.