Video ya benki kuhusu wakora wa simu: uzoefu wangu, na sentensi moja inayofaa kufutwa

Kama umeingia benki hapa Nairobi siku za karibuni, huenda umeiona. Ni video fupi inayozunguka siku nzima kwenye televisheni iliyo juu ya madirisha ya keshia, na wateja tumetumiwa pia kwa simu. Mama mfanyabiashara anapigiwa na mkora anayejifanya mfanyakazi wa benki, nusura aliwe pesa, mwishowe anashtuka na kukata simu. Jina la benki silitaji. Wenye akaunti huko wanajua.

Mimi nina duka la M-PESA huku Umoja na wakora wa simu nimewasikia mpaka nimechoka, kwa hivyo nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi. Nilisema afadhali, angalau mtu ameamua kufundisha kwa kisa badala ya kubandika karatasi ukutani ambayo hakuna anayeisoma. Sasa nasema waitoe. Na si kwa sababu ya mkora wao kuvaa kofia ya jaketi gizani kama mwizi wa kuku, ingawa hiyo nayo ni aibu, maana mkora wa kweli ana sauti tamu kuliko ya mhudumu yeyote wa benki niliyewahi kuzungumza naye. Kinachonikera ni sentensi moja katikati ya video: "Kabla ya kufanya lolote, hakikisha ujumbe umetoka kwa benki yako."

Jirani yangu anauza viatu vya mitumba, kibanda chake kimepakana na duka langu. Alikuwa ameitazama video hiyo na kuishika vizuri. Jioni moja ya mwisho wa mwezi, benki zikiwa zimefungwa, alipigiwa simu. Mwanamume akamwita kwa majina yake yote matatu, akamsomea nambari yake ya kitambulisho, kisha akauliza kwa upole, "Mama, kuna mtu Eldoret anajaribu kutoa shilingi elfu arobaini kwenye akaunti yako. Ni wewe umemtuma?"

Hebu tusimame hapo kidogo, kwa sababu video haikugusa jambo hili hata kidogo. Watu huuliza mkora alipata wapi majina na kitambulisho. Wewe leo umeingia majengo mangapi mjini? Kila lango lina askari na kitabu cha wageni, unaandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu, mstari mmoja chini ya mwingine, na anayekuja baada yako anaweza kupiga picha ukurasa mzima askari akifungulia gari. Hata sisi mawakala tumejaza vitabu vya namna hiyo miaka na miaka. Mtu kukutajia kitambulisho chako hakumaanishi ni wa benki. Kunamaanisha tu kwamba umewahi kuandika kwa kalamu ya mtu mwingine.

Jirani akajibu hapana, sijamtuma mtu Eldoret. Mkora akamwambia atulie, wanaizuia sasa hivi, asikate simu kwa sababu akikata na kizuizi kitakatika. Hapo hakumwuliza PIN. Alimwambia hivi, nami nilisikia maana simu ilikuwa kwenye spika: "Usinitajie nambari yako ya siri mama, hata mimi siruhusiwi kuijua." Unaona ufundi huo? Yaani anakukinga dhidi ya mwizi ambaye umeshafundishwa kumwogopa, na wewe unamfungulia moyo.

Kisha ujumbe ukaingia ukiwa na tarakimu sita. Jirani akafanya kile video ilichomfundisha, akaangalia umetoka wapi. Ulikuwa umetoka benki. Si nambari ya kuigiza, si jina lililokosewa herufi. Ulikaa palepale chini ya ujumbe wa pesa alizoweka asubuhi, kwa sababu kweli ni mitambo ya benki iliyoutuma. Mkora alikuwa ameweka programu ya benki kwenye simu yake mwenyewe, akaandika nambari ya simu ya jirani na kitambulisho chake, akabonyeza pale pa "nimesahau PIN". Mitambo ikatuma tarakimu kwa mwenye laini ili athibitishe ni yeye. Ujumbe wa kweli kabisa, ulioombwa na mwizi.

Chini yake ulikuwa umeandikwa usimpe mtu yeyote nambari hii. Mkora alilijua hilo pia, akalitaja kabla jirani hajafika pale: "Utaona imeandikwa usimpe mtu. Ni kweli mama, usimpe mtu. Nisomee mimi wa benki tu, ni ya kufunga ile ya Eldoret." Mimi nilikuwa na mteja anatoa pesa, nilipogeuka kumpigia kelele akate, tarakimu ya sita ilikuwa imeshatoka mdomoni.

Alikuwa na 62,000 kwenye akaunti. Zilitoka 45,000 kwenda laini moja ya M-PESA, kisha 16,000 kwenda nyingine, halafu mkora akamkopea mkopo wa simu wa 15,000 kwa jina lake na kuutoa pia. Jioni ndiyo saa yao. Wafanyabiashara wameweka pesa za siku, droo za mawakala zimejaa noti, na anayetoa kiasi kikubwa haambiwi arudi kesho. Dakika chache tu na pesa iko mfukoni mwa mtu aliyeshavuka barabara.

Asubuhi yake nikamsindikiza benki. Tulipiga foleni mpaka nikasikia kichwa. Kijana aliyetuhudumia alitazama kompyuta, akasema miamala yote ilithibitishwa na mteja mwenyewe, kisha akaegemea kiti na kusema, "Lakini mama, si video mmeiona?" Nyuma yake televisheni ilikuwa inaionyesha video hiyohiyo, sauti imezimwa, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ameliwa pesa za stoki, anaulizwa kama ameona video. Nilimjibu kijana vibaya, sitaficha, na sijutii. Ndiyo ameiona. Ameifuata neno kwa neno, na ndiyo maana tuko mbele yako.

Mwishoni mwa video kuna ushauri wa haraka haraka, na hapo hasira inanirudia upya. Wanasema piga *100*100# ufunge laini yako. Hiyo ni kweli na ni nzuri, lakini inazuia mtu mwingine asibadilishiwe laini yako kwa ujanja. Huyu mkora laini hakuihitaji, ilibaki na jirani muda wote, ndiyo iliyopokea tarakimu. Wanasema pia, ukitapeliwa tuma ujumbe wa muamala kwa 456. Hiyo nayo ni ya kurudisha pesa uliyotuma mwenyewe kutoka M-PESA yako. Pesa za jirani hazikupita M-PESA yake kabisa, zilitoka benki moja kwa moja kwenda kwa laini za watu wengine. Alikaa pale kibandani akituma ujumbe wa benki kwa 456, dakika zikipita, wakati simu ya kwanza ilipaswa kwenda benki kwa nambari iliyo nyuma ya kadi yake, ili huduma ya simu ifungwe kabla ya ule mkopo kuchukuliwa. Kisha Safaricom kwa 100, awatajie zile laini mbili zilizopokea, maana kama kuna salio bado halijatolewa linaweza kuzuiliwa. Halafu polisi kwa nambari ya OB, ambayo benki itaiomba hata hivyo.

Sasa niseme ukweli, maana niliirudia nyumbani nikiwa nimetulia. Kuna mahali video ni nzuri sana. Yule mama mwigizaji anapopokea simu, ameibana kwa bega huku anahesabu chenji ya mteja, na anaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikiliza. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Hakuna anayetapeliwa akiwa ameketi kwenye kochi. Aliyeandika hapo amewahi kukaa sokoni, na kwa sehemu hiyo peke yake ningempa nyota nne. Kwa hivyo nikafikiri, labda sitaki itolewe, nataka tu irekebishwe katikati.

Mkora aache kuomba PIN. Aseme maneno niliyoyasikia mimi, kwamba hata yeye haruhusiwi kuijua. Ujumbe uingie, kamera iukaribie kabisa, mtazamaji aone umetoka benki kweli, na hapo ndipo mama aulize swali lenye kazi: "Mimi nimeomba hii nambari?" Hajaomba. Hakuwa kwenye programu ya benki, hakuwa analipa chochote, alikuwa anahesabu chenji. Basi kuna mtu mwingine mahali fulani ameshika simu na anasubiri tarakimu hizo ili aingie. Tarakimu ambazo hukuziomba ni hodi ya mwizi, haijalishi bahasha imetoka ofisi gani. Kisha mkora aseme usikate, na mama akate. Apige benki mwenyewe, na mhudumu amwambie hakuna kitu Eldoret. Dakika mbili zinatosha, na ile kofia ya jaketi inaweza kubaki dukani.

Niliyaandika haya kwenye karatasi nikampelekea meneja wa tawi. Alinipokea vizuri, lazima nikiri, akanipa hata kiti. Akasema video ilitengenezwa makao makuu na wataalamu, na kwamba wateja wengi wameisifia. Nikamwuliza kama kati ya hao waliosifia kuna aliyepigiwa simu baadaye. Akacheka, akaikunja karatasi na kuiweka chini ya kikokotoo.

Jirani bado analipa ule mkopo wa 15,000 ambao hakuushika hata noti moja, kwa sababu benki inasema malalamiko yanachunguzwa na riba haisubiri uchunguzi. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeamua nyota moja. Katikati nikapanda hadi tatu kwa ajili ya yule mama na chenji yake. Sasa nimekumbuka kijana na kiti chake, na jana nimepita hapo benki nikaikuta ile sentensi bado inasomeka kwenye televisheni, sauti imezimwa vilevile. Nyota moja, na hiyo ni ya mwigizaji, apelekewe yeye.