Kitenge cha sare: ukubwa wa ua upi ununue kwa ajili ya picha

Wanunuzi wengi wanaopita kwenye maduka ya vitenge Ngamiani, Tanga, huanza na rangi, na rangi ikikubalika safari ya kwa fundi inaanza. Kwa nguo ya kushindia nyumbani hilo halina neno. Ila nguo ikiwa imekusudiwa picha, iwe sare ya harusi, Idi au mahafali ya mtoto, mimi huuliza ukubwa wa ua kabla ya kuuliza rangi. Kitambaa kilichopendeza mezani kwa muuzaji hutoka pichani kama kitambaa cha rangi moja iliyopauka, au hutoka ua peke yake na aliyelivaa hatumwoni.

Kipimo changu ni hesabu ya mabega. Pima mabega ya mvaaji kutoka ncha hadi ncha, kisha pima kwenye kitambaa kutoka katikati ya ua moja hadi katikati ya ua linalofuata. Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Jibu likiwa kati ya matatu na matano, kitenge hicho kinamfaa kwa picha ya mwili mzima. Likipita kumi, maua ni madogo mno. Likishuka chini ya mawili, ni makubwa mno, isipokuwa kwa mvaaji mrefu au mwenye mwili, au kwa mshono nitakaoueleza mbele. Hii si sheria ya kiwandani, ni kipimo cha meza ya kukatia, lakini kinaokoa fedha. Hapa chini nimepanga aina nne za nakshi, kuanzia inayofaa zaidi kwa picha.

Nafasi ya kwanza: maua ya kati, ukubwa wa ngumi hadi kiganja

Hapa nazungumzia ua la sentimita 8 hadi 15, lenye uwanja wa rangi ya chini unaoonekana kati yake na jirani yake. Chukua familia moja inayotafuta sare ya picha ya Raskazone, bahari ikiwa nyuma. Shangazi ni mwenye mwili, mabega sentimita 46. Binti, mdogo wa bibi harusi, ni mwembamba na mfupi, mabega sentimita 36. Kitenge chenye ua kila sentimita 12 kinampa shangazi karibu maua manne mabegani, na binti anapata matatu. Wote wawili wamo ndani ya kipimo kwa kitambaa kilekile, na ndiyo maana nimekiweka juu.

Sasa peleka hesabu hiyo kwenye simu, maana huko ndiko picha itakakotazamwa. Mtu wa sentimita 165 akipigwa peke yake, mwili mzima, atatokea kwenye skrini akiwa na urefu wa takriban sentimita 10. Ua la sentimita 12 linabaki na milimita 7 hivi, jicho linaliona bila shida. Kwenye picha ya ukoo mzima mtu huyohuyo anashuka hadi sentimita 5, na ua linabaki na milimita tatu na nusu. Bado ni ua. Ua la sentimita 2 na nusu kwenye picha hiyohiyo halifiki hata milimita moja. Hapo kamera inachanganya nyekundu na nyeupe, na gauni linasomeka waridi iliyochujuka ambayo hakuna aliyeinunua.

Uwanja kati ya maua usiupuuze. Maua ya ukubwa wa ngumi yaliyobanana bila nafasi husomeka kwa mbali kama kitu kimoja kilichovurugika. Simama hatua sita au saba kutoka kwenye kitambaa kilichoning'inizwa, kunja macho kidogo. Kama huwezi kusema ua moja linaishia wapi, kamera nayo haitaweza.

Nafasi ya pili: nakshi kubwa, shubiri na kuendelea

Haya ni maduara, tausi, na maua ya sentimita 20 hadi 35. Kwa mwanamke mrefu au mwenye mwili hupendeza kuliko yote, na kama picha ni ya mtu mmoja ningeyapandisha hadi ya kwanza. Watu huogopa wakidhani nakshi kubwa inanenepesha. Kinachoongeza mwili mara nyingi ni vimaua vidogo sana, kwa sababu jicho hulinganisha: likiona vitu kumi na nane vidogo vimejipanga kutoka bega hadi bega, linahitimisha kwamba bega hilo ni pana.

Kwa binti wa mabega 36, nakshi ya sentimita 30 ni habari nyingine. Mbele ya gauni inaingia moja na kipande, na kile kipande kinakatwa na tundu la mkono. Ukiongeza mikunjo ya kubana kifua, duara linaliwa katikati na kuwa umbo lisilo na jina. Njia ya kumwokoa ni mshono: gauni la kunyooka lisilo na kiungo kiunoni, nakshi moja ikaanzia chini ya kifua na kushuka, mabega yakabaki na rangi ya chini tu. Mwambie fundi haya kabla hajashika mkasi, na umwonyeshe kwa kidole mahali katikati ya duara inapokaa. Usipomwambia, kuna siku maduara mawili yatatua pale pale ambapo hutaki yatue, kama sahani mbili za wali kifuani, na picha hiyo itazunguka kwenye simu za ukoo mzima.

Nakshi kubwa pia hula kitambaa. Mashine nyingi za kuchapa kwa silinda zina mzingo wa sentimita 64, kwa hiyo mchoro hujirudia kila sentimita 64, au kila nusu au theluthi yake. Kwenye kitenge cha marudio ya 64, fundi akitaka ua la mbele likutane na la nyuma kwenye mshono wa ubavu, anaweza kulazimika kusogeza kipande cha pili karibu rudio zima. Gauni ambalo lingetoka kwenye yadi 4 linaweza kudai karibu yadi 5. Kama ndege wote wa kitambaa wanatazama juu, fundi hawezi kugeuza kipande kubana matumizi, la sivyo mgongoni tausi watasimama kwa vichwa. Nunua pisi nzima ya yadi 6 na usiwaahidi watoto mabaki.

Nafasi ya tatu: khanga

Khanga haikuchorwa kwa ajili ya kukatwa. Ina pindo kuzunguka, mji katikati na jina lake, na mji wenye nakshi moja kubwa hauhesabiki kwa mabega. Kwa picha ya kujifunga inatosha ilivyo, maana pindo linachora mstari safi miguuni hata kwa mbali. Ukitaka kuishona gauni, chagua yenye mji wa vitu vinavyojirudia, na pindo uliweke chini ya sketi. Kwa mtu mfupi pindo pana chini linapunguza urefu zaidi, hivyo mwekee jembamba.

Nafasi ya mwisho: vimaua vidogo

Vimaua vya chini ya sentimita 3 nimeviweka mwisho kwa picha ya mwili mzima na ya kundi tu. Kwa picha ya kifua hadi kichwa vinapanda juu haraka: uso na mabega vikijaza skrini ya simu yenye upana wa sentimita 7, sentimita 2 na nusu za kitambaa zinabaki zaidi ya milimita 3, nazo zinaonekana vizuri. Kwa mtoto wa miaka mitatu mwenye mabega ya sentimita 25 kimaua cha sentimita 3 kinatoa hesabu ya nane, nayo inavumilika. Kwa hiyo kwa familia ile ya Raskazone ningewashonea watoto vimaua vidogo vya rangi zilezile za kitenge cha wakubwa. Rangi zikishabihiana, hakuna atakayesema wamevaa tofauti.

Mchoro mdogo wa kubanana, hasa vijimistari na vijisanduku, una ugonjwa wake pia. Kwenye kamera ya simu hucheza, unaona mawimbi ambayo kwenye kitambaa hayapo. Piga picha dukani ukiwa umerudi nyuma hatua kadhaa, kisha uitazame bila kuikuza. Mawimbi yakitokea dukani, ufukweni yatatokea pia.

Unaponunua kwa picha ya muuzaji

Siku hizi wengi hununua kwa kutumiwa picha, na hapa ndipo ukubwa hudanganya. Picha ya karibu ya kitambaa kilichokunjwa haina kipimo, kwani ua la sentimita 5 na la sentimita 25 hujaza skrini sawasawa. Mwandikie muuzaji kwa heshima: "Dada yangu, naomba uweke kiganja chako juu ya ua unipigie upya, na nyingine unionyeshe kitambaa ukingo kwa ukingo." Picha hiyo ya pili ni dawa. Kitenge kingi kina upana wa inchi 44 hadi 46, yaani sentimita 112 hadi 117. Hesabu maua kutoka ukingo hadi ukingo. Yakiwa sita, ujue ua linarudi kila sentimita 19 au 20, hata kama muuzaji ameyaita madogo.

Wapo pia wanaopachika kitambaa juu ya picha ya mwanamitindo kwa programu ya simu. Si kosa, ila wengi hupunguza mchoro hadi upendeze kwenye mwili ulio pichani. Rudi kwenye mabega. Ukishajua ua linarudi kila sentimita 19, mwanamke wa mabega 38 lazima aonyeshe mawili tu. Ukihesabu matano, umeonyeshwa kitambaa kisichopo dukani. Dalili nyingine ni maua yanayobaki bapa pale nguo inapokunjika, na yasiyokatika kwenye mshono wowote.

Kama wewe ndiye muuzaji na unataka picha iwe ya kweli, hesabu ni fupi. Pima mabega ya mwanamitindo kwenye picha kwa pikseli. Yakiwa pikseli 380 na mabega yenyewe ni sentimita 38, kila sentimita ni pikseli 10, hivyo rudio la sentimita 19 liwe pikseli 190 na upana mzima wa kitambaa cha sentimita 117 uwe pikseli 1170. Wakiwemo watu wawili, shangazi na binti, wamesimama mstari mmoja, pikseli kwa sentimita ni zilezile kwa wote hata kama miili haifanani. Usimkuzie shangazi ua ili "limkae", kwa sababu fundi atakata jora lilelile. Ila aliyesimama nyuma zaidi anapungua yeye pamoja na maua yake, kwa hiyo mabega yake yapimwe upya.